Kupima mwinuko kwa barometa ya simu Dodoma: kuanzia benchimaki hadi namba ya kuandika kwenye daftari

Simu yangu niliilaza juu ya nguzo ya benchimaki, upande wa kaskazini mwa mji, njia ya Arusha. Karatasi ya mpima inasema nguzo hiyo iko mita 1,128.4 kutoka usawa wa bahari. Simu, kwa kutumia barometa yake, ilisema 1,079. Pungufu ya karibu mita 50, na mimi nimesimama palepale!

Simu haikuwa mbovu. Barometa haipimi mwinuko, inapima mgandamizo wa hewa. Programu ndiyo inayogeuza mgandamizo kuwa mita, na inafanya hivyo kwa kudhani kwamba usawa wa bahari leo una hektopaskali 1013.25 na nyuzi 15 za joto, na kwamba ukifika kimo cha Dodoma utakuta nyuzi 8 hivi. Anayeijua Dodoma saa tano mchana atacheka. Kwa hiyo namba ya mita unayoiona kwenye kioo iache. Tutachukua mgandamizo wenyewe, tuulinganishe na benchimaki, halafu hesabu ya mita tuifanye wenyewe. Ukifuata hatua zilizo hapa chini, kwenye eneo la kilomita chache utapata mwinuko wenye kosa la mita 1 hadi 2. Namba hiyo inatosha kuchagua pampu ya kisima, kuandika kimo cha mdomo wa kisima, au kujua tangi liko juu ya kijiji kwa mita ngapi. Haitoshi kupanga mteremko wa bomba wala makinga maji ya shambani. Kwa kazi hizo tumia leveli ya wapima, au ule mpira wa maji wa mafundi ujenzi.

Kwanza, hakikisha simu ina barometa

Simu nyingi za bei nafuu hazina. Pakua programu ya bure iitwayo phyphox, ifungue, utafute kipengele cha `Pressure`. Kama kimefifia na hakifunguki, simu yako haina kihisi hicho, na utabaki na GPS peke yake (nimeieleza mbele). Kama kinafunguka, utaona namba ya hektopaskali, `hPa`. Kwa Dodoma mjini tegemea kitu cha 880 na kitu hadi 890 na kitu. Ukiona 1010 hivi, unatazama namba iliyokwisha kurekebishwa kwenda usawa wa bahari, si ya kihisi.

Jaribu kihisi kabla ya kukiamini. Weka simu sakafuni, subiri nusu dakika, kisha inyanyue juu ya kichwa mkono ukiwa umenyooka. Umepanda mita 2, na mgandamizo unapaswa kushuka kwa 0.2 hivi. Barometa ya simu nzuri itaonyesha hilo bila shida. Sasa jaribu la pili, ambalo watu wengi hawalijui: kama simu yako ni ya kuzuia maji, ishike huku na huku halafu bana kioo kwa kidole gumba. Namba itaruka. Ndani ya simu iliyozibwa hewa haitoki haraka, kwa hiyo ukiikamua unapima nguvu za vidole vyako. Ndiyo maana wakati wa kusoma simu inalazwa, haishikwi, na kava gumu linavuliwa.

Kitu kimoja uelewe hapa. Kihisi cha simu kinaweza kukosea hektopaskali 1 nzima au zaidi ukilinganisha na barometa ya kituo cha hali ya hewa, yaani mita 10 na ushee. Lakini kosa hilo halibadilikibadiliki. Kinachotegemewa ni tofauti kati ya somo moja na jingine la simu ileile, na kazi yote inajengwa juu ya tofauti hizo.

Benchimaki si bikoni ya kiwanja

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni mtu kuniambia, "Ninayo bikoni hapa nyumbani, nitaanzia hapo." Bikoni ya kiwanja inaonyesha mpaka. Ina namba zake za mashariki na kaskazini, lakini mara nyingi hakuna aliyewahi kupima kimo chake. Benchimaki ni alama iliyowekwa mahsusi kwa ajili ya kimo. Kwa kawaida ni nguzo fupi ya zege yenye chuma au msumari kichwani, na herufi BM na namba pembeni.

Orodha za alama za taifa ziko kwenye idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi. Zilizo rahisi kufikiwa mara nyingi ni zile zilizoachwa na wajenzi wa barabara kandokando ya njia, ambazo vimo vyake viko kwenye michoro ya mradi. Popote utakapoipata, uliza swali moja: kimo hiki ni cha kutoka usawa wa bahari, au ni kimo cha GPS kisichorekebishwa? Vimo vya zamani vya Tanzania vilipimwa kwa leveli kutoka usawa wa bahari uliosomwa Tanga. Kimo cha GPS kisichorekebishwa huanzia kwenye umbo laini la dunia la kihesabu, na kwetu huku umbo hilo liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 10, kwa hiyo namba zake hutoka ndogo. Ukichanganya viwili hivyo, kazi yako yote itakosea kwa kiasi kilekile, na hakuna kitu shambani kitakachokuonya.

Ukikosa benchimaki kabisa, usikimbilie kimo cha uwanja wa ndege wa Dodoma, ambacho ni karibu mita 1,120. Kimo rasmi cha uwanja wa ndege ni cha sehemu iliyo juu kuliko zote kwenye njia ya kurukia, na pale huruhusiwi kwenda kulaza simu. Ni afadhali ulipe nauli ukatafute nguzo.

Hewa ya Dodoma inapanda na kushuka kila siku

Siku ya kwanza nilikuwa na simu moja. Nilisoma mgandamizo kwenye benchimaki saa 2:00 asubuhi nikapata 889.60. Nikazunguka, nikapima visima viwili na kilima cha tangi, nikarudi kwenye nguzo saa 6:30 mchana. Nikasoma 889.65. Tofauti ya 0.05 ni nusu mita! Nikajipongeza, nikaandika kwamba hewa ilitulia siku nzima.

Kesho yake nilirudia kilima kwa njia nyingine, na tangi likatoka juu zaidi kwa karibu mita 9.

Kilichotokea ni hiki. Katika nchi za joto kama yetu mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kama maji kupwa na kujaa, kwa sababu ya jua kupasha hewa ya juu. Dodoma hufika kilele saa 4 asubuhi na dakika kadhaa, kisha hushuka hadi chini kabisa kati ya saa 10 na saa 11 alasiri. Kati ya kilele na bonde hilo unaweza kupoteza hektopaskali 3 hadi 4. Kwa kimo chetu, hektopaskali 1 ni karibu mita 9.8. Maana yake ukiiacha simu mezani tangu saa 4 asubuhi hadi saa 10 alasiri, meza "itapanda" mita 30 au 40.

Mimi nilianza kabla ya kilele na nikarudi baada yake. Hewa ilikuwa imepanda hektopaskali 0.9 na kushuka tena, nami sikuwepo kwenye nguzo kuiona. Kilima nilikipima karibu na kilele, mgandamizo ukiwa mkubwa, na mgandamizo mkubwa programu huusoma kama sehemu ya chini. Kurudi benchimaki na kukuta namba ileile hakuthibitishi kwamba katikati hakukuwa na kitu.

Dawa ni simu mbili, moja ikibaki kwenye nguzo muda wote.

Kazi yenyewe, kwa simu mbili

Nitafuata siku moja mwanzo hadi mwisho. Namba nimezinyoosha kidogo ili hesabu ifuatike.

Tulikuwa wawili, mimi na kijana mmoja wa kijijini aliyekubali kukaa chini ya mti karibu na nguzo. Simu A ni ya kubaki, simu B ni ya kutembea. Saa 2:10 asubuhi tulizilaza zote mbili kivulini kando ya nguzo, kwa usawa wa kichwa cha nguzo, tukaziacha dakika 10 zipoe. Simu iliyotoka mfukoni ina joto la mwili, na kihisi kinasogea kidogo mpaka kipoe. Kisha tukasoma: A ilikuwa 889.58, B ilikuwa 890.91. Tofauti ni 1.33, B ikiwa juu. Simu mbili mahali pamoja, zinatofautiana kwa mita 13! Haidhuru, ilimradi tunaijua.

Kijana akabaki na A pamoja na daftari, akiandika kila baada ya dakika 5: saa, mgandamizo, na joto la kivulini kutoka kipimajoto cha kawaida cha ukutani. phyphox inaweza kurekodi yenyewe, lakini daftari halizimiki chaji.

Kabla sijaondoka aliniuliza, "Mzee, niandike saa ya simu au saa yetu?" Nilimshukuru kwa swali hilo. Simu huandika 09:25, sisi tunasema saa 3:25. Ukikuta kwenye daftari 3:25 pasipo neno asubuhi, na faili la simu nyingine lina 09:25, jioni utaoanisha masomo yasiyohusiana, na hesabu itakubali bila kulalamika. Tulikubaliana kuandika kama simu inavyoonyesha.

Kilima kiko umbali wa chini ya kilomita 6. Nilipofika pale litakapojengwa tangi, niliilaza B chini upande usiopigwa na upepo, nikaifunika kwa kofia, nikakaa dakika 4 bila kuigusa. Upepo si jambo dogo. Ule wa miezi ya kiangazi Dodoma ukivuma mita 10 kwa sekunde moja kwa moja kwenye kitundu cha simu, unaweza kuongeza nusu hektopaskali, yaani kosa la mita 5. Ukiona namba inarukaruka kwa zaidi ya 0.05, bado hujapata mahali pazuri pa kulaza. Gari pia usiliamini: vioo vikiwa vimefungwa na feni inavuma, unapima hewa ya gari.

Saa 3:25 asubuhi, yaani 09:25, B ilisoma 882.47 na joto kivulini nyuzi 23. Kwenye daftari la kijana, 09:25, A ilikuwa 890.21 na joto nyuzi 24.

Nilirudi kwenye nguzo, na saa 5:30 tukazilaza simu pamoja tena: A 890.02, B 891.37. Tofauti 1.35. Mwanzo ilikuwa 1.33, kwa hiyo wastani ni 1.34, na simu hazikuhama. Kama mwisho ungekuta tofauti imehama kwa zaidi ya 0.1, hiyo ni mita nzima: pengine simu moja ilipigwa na jua au ilibanwa, na masomo ya siku hiyo yarudiwe.

Hesabu

Kwanza ilete B kwenye kipimo cha A: 882.47 toa 1.34 ni 881.13. Sasa tuna mgandamizo wa nguzoni, 890.21, na wa kilimani, 881.13, vyote vya dakika moja. Wastani wa joto la juu na chini ni nyuzi 23.5. Kwenye Excel ya simu unaandika mstari mmoja:

```
=1128.4+29.27*(273.15+23.5)*LN(890.21/(882.47-1.34))
```

Namba 29.27 inatokana na uzito wa hewa kavu na mvuto wa dunia, haibadiliki. 273.15 hugeuza nyuzi za selsiasi kuwa za kelvini. Jibu ni 1,217.4, yaani kilima kiko mita 89.0 juu ya nguzo.

Sasa angalia programu ya kawaida ingesemaje kwa mgandamizo huohuo. Ingekupa 1,079 kwenye nguzo na 1,163 kilimani. Tofauti ni mita 84, si 89. Wengine husema basi rekebisha namba ya usawa wa bahari kwenye programu, ile inayoitwa `QNH`, hadi isome 1,128 ukiwa kwenye nguzo. Fanya hivyo ukipenda, lakini umerekebisha mahali pamoja tu. Programu bado inadhani hewa ni ya baridi, na hewa ya baridi ni nzito, kwa hiyo kila mita 100 unazopanda itakuhesabia kama 95. Kwenye kilima cha mita 10 hutaona kitu. Ukiteremka kutoka mjini kuelekea Bahi, kwenye bonde lililo chini kwa karibu mita 300, kosa ni mita 15 na zaidi.

Joto nalo lisomwe kivulini na kwa kipimajoto. Joto linaloonyeshwa na simu mara nyingi ni la betri. Kukosea nyuzi 3 kwenye mfano huu kunaleta kosa la mita 0.9, kwa hiyo huna haja ya kipimajoto cha gharama, ila usikitundike juani. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ikiwa imetuama bondeni, subiri hadi saa 3, kwani hewa ya chini haifanani na iliyo juu yake na wastani wako utadanganya.

Ukiwa na simu moja tu

Inawezekana, ila urudi nguzoni kila baada ya dakika 40 au pungufu. Mfano: nguzoni saa 3:00 umesoma 890.05, kisimani saa 3:20 umesoma yako, nguzoni saa 3:40 umesoma 890.29. Hewa imepanda 0.24 kwa dakika 40, basi saa 3:20 nguzo ingesoma 890.17. Hiyo ndiyo namba ya kuweka juu kwenye ile hesabu, na 1.34 unaiondoa kwa sababu simu ni moja. Kama nguzo iko mbali, tengeneza benchimaki yako ya muda karibu na kazi, jiwe kubwa lenye alama ya rangi. Ulipime kutoka nguzoni mara tatu kwa siku tofauti, halafu mizunguko yote uifungie hapo.

Pikipiki inasaidia sana hapa, na dereva akijua kwamba mtarudi mara sita, mpatane bei ya siku nzima mapema.

Mvua za Desemba hadi Aprili zina utaratibu wao. Wingu la radi likikaribia na ule upepo wa baridi ukatangulia, mgandamizo unaweza kuruka kwa hektopaskali nzima ndani ya dakika chache, na nguzoni ukaruka kwa wakati tofauti na kilimani. Hata simu mbili hazikuokoi. Funga daftari, rudi kesho.

GPS ya simu

Kwa asiye na barometa, GPS inaweza kulinganishwa na benchimaki kwa njia hiyohiyo ya tofauti, lakini ukubali kosa la mita 5 hadi 10. Fungua programu ya GPSTest mahali pasipo miti wala ukuta. Utaona vimo viwili: `Alt` ni cha kutoka kwenye lile umbo laini, na `Alt (MSL)` ni cha usawa wa bahari. Simu mbili mahali pamoja zikitofautiana kwa mita kumi na kitu, mara nyingi moja inaonyesha hiki na nyingine kile. Chagua `Alt (MSL)` na usibadilishe katikati ya kazi.

Kaa nguzoni dakika 20, andika somo kila dakika, tafuta wastani. Fanya vivyo hivyo kwenye sehemu unayoipima, kisha rudi nguzoni. Wastani wa mwanzo na wa mwisho nguzoni ukitofautiana kwa mita 6, basi usiandike kwamba kosa lako ni mita 2. Siku ile ya kilima, GPS yangu iliniambia 1,224 baada ya kurekebishwa na nguzo, yaani mita 7 juu ya barometa. Niliiandika pembeni. Kazi ya GPS katika utaratibu huu ni kukamata makosa makubwa. Ingesema 1,260 ningejua nimekosea mahali fulani, labda kugeuza saa au kuandika 882 badala ya 886.

Kwenye daftari, mstari wa tangi ulikaa hivi: tarehe, 09:25, jina la sehemu, A 890.21, B 882.47, tofauti ya simu 1.34, joto 24 na 23, benchimaki 1,128.4 usawa wa bahari, mwinuko 1,217, kosa mita 2. Desimali niliitupa kwa makusudi, ila masomo ghafi niliyaacha yote, ili mpima akija siku moja na kusema kimo cha nguzo ile kilikuwa na makosa, abadilishe namba moja tu na vimo vyangu vyote vijirekebishe.